Nilipokea, Nilikagua, Nilipunguza

Fungua tangazo lolote la nafasi za kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, teremka mpaka panapoandikwa majukumu, nawe utakuta safu ya vipengele vifupi, kila kimoja kikianza na kitenzi chenye ku-: kupokea, kutunza, kuandaa, kusaidia. Kisha omba uonyeshwe wasifu wa mtu anayeitaka nafasi hiyo. Mara nyingi utakuta safu ile ile imehamia huko na vidoti vyake, imebadilishwa neno hapa na pale.

Katika tangazo, ku- imekaa mahali pake. Kazi haijafanyika bado, na atakayeifanya hajajulikana, kwa hiyo kitenzi kinatajwa bila mtendaji na bila wakati. Lakini anayesoma wasifu anatafuta mambo hayo hayo mawili ambayo ku- imeyaacha nje: ni nani aliyefanya, na je, limekwisha kufanyika? “Kupunguza hasara ya stoo” inaweza kuwa jambo ulilolitimiza mwaka jana, jambo uliloagizwa ukashindwa, au ndoto uliyo nayo ukiajiriwa. Msomaji hana namna ya kujua, na mwenye mafaili mia mbili mezani hatapiga simu kukuuliza.

Kiswahili kimempa mwandishi wa wasifu nyenzo nzuri sana hapa. Andika “nilipunguza” na umetaja mtendaji, wakati na tendo katika neno moja. Mwandikie meneja taarifa na useme “nilimwandalia meneja taarifa ya kila wiki”: neno la kwanza peke yake limebeba aliyefanya, wakati, tendo na aliyefanyiwa. Linganisha na namna inayopendwa maofisini, “nilifanya maandalizi ya taarifa ya kila wiki kwa ajili ya meneja”. Habari ni moja, ila ya pili imerefuka kwa sababu kitenzi chenye nguvu kimegeuzwa jina, halafu “fanya” ikaletwa kukibeba. Tabia hiyo ya kufanya ukaguzi, kufanya usimamizi, kufanya upunguzaji ndiyo inayovimbisha vipengele vingi kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue mfano mmoja tuutengeneze hadi mwisho. Tuseme mtu alikuwa mtunza stoo kwa miaka mitatu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mwanza: saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Sasa anaomba kazi ya kutunza ghala katika kampuni kubwa zaidi. Rasimu yake ya kwanza, chini ya jina la kazi hiyo, ingeweza kuwa hivi:

• Usimamizi wa stoo kwa ujumla ikiwa ni pamoja na upokeaji wa bidhaa mbalimbali kutoka kwa wasambazaji na kuhakikisha kwamba bidhaa zote zilizopokelewa zinaendana na zile zilizoagizwa kabla ya kuziingiza katika leja na kutoa taarifa kwa meneja endapo kutakuwa na upungufu wowote

• Kuhakikisha usalama wa mali

• Niliweza kufanya upunguzaji wa hasara ya saruji

• Kompyuta

• Bidhaa zilikuwa zinahesabiwa kila mwisho wa mwezi

Hakuna uongo humo, na mtu huyu huenda ni mtunza stoo hodari. Lakini ziba vipengele hivyo kwa karatasi, uache neno la kwanza tu la kila kimoja lionekane, kisha soma kwenda chini: usimamizi, kuhakikisha, niliweza, kompyuta, bidhaa. Jina, kitenzi kisicho na mtendaji, kitenzi kisaidizi, jina, jina. Macho ya msomaji yanapoteremka kwenye safu yanategemea kukuta kitu cha aina moja kila yanapotua. Yakikuta umbo tofauti kila mara, inabidi asome sentensi nzima ili ajue imekaa vipi, na safu inakuwa haimsaidii kuliko aya ya kawaida.

Jambo la kwanza la kuamua, basi, ni umbo la kitenzi. Kwa kazi uliyokwisha kuiacha, nili- inatosha kwa vipengele vyote. Kwa kazi uliyo nayo bado, tumia nina- kwa yale unayoendelea kuyafanya: ninapokea, ninahesabu, ninaandaa. Si lazima wasifu mzima uwe na umbo moja. Kinachotakiwa ni kila kazi kuwa na umbo lake lisiloyumba. Tatizo hutokea kwenye kazi ya sasa, ambako kuna shughuli zinazoendelea na pia jambo moja lililokamilika, kwa mfano kuhamisha leja kutoka kwenye vitabu kwenda kwenye kompyuta. Hapo napendelea kuliweka la nili- mwishoni mwa safu, baada ya nina- zote. Ukilichanganya katikati, msomaji anadhani umekosea.

Wapo wanaoona nili- mfululizo kuwa ni majigambo, na wapo maofisa wa zamani ambao hawajawahi kuona wasifu usio wa ku-. Pingamizi hilo nalielewa, ila silikubali. Anayejigamba hujigamba kwa sifa, kama vile “mchapakazi hodari” na “mwenye ari kubwa”, maneno yasiyoweza kukaguliwa. Anayesema “nilihesabu stoo kila mwisho wa mwezi” ametaja tendo ambalo mwajiri wake wa zamani anaweza kulithibitisha kwa simu moja. Ukiamua kubaki na ku- kwa sababu taasisi unayoiomba imeizoea, itumie mwanzo hadi mwisho, ukijua kwamba utashindwa kueleza matokeo. “Kupunguza saruji iliyoganda kutoka mifuko 40 hadi 6” itasomeka kama lengo la mwaka ujao.

Kauli ya kutendwa nayo ina ubaya wake. “Bidhaa zilikuwa zinahesabiwa” inaeleza kwamba dukani kulikuwa na utaratibu mzuri. Haisemi kwamba wewe ndiye uliyepanda ngazi na karatasi mkononi. Ukanushi nao huvunja safu, kwa kuwa “sikuwahi kupoteza funguo” huanza na si- badala ya nili-, na tena hutaja kosa ambalo msomaji hakuwa amelifikiria. “Nilitunza funguo za stoo” inatosha.

Baada ya umbo, chagua tendo lenyewe. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa sababu nili- ina herufi nne ambazo zitajirudia kwenye kila kipengele, na tofauti inaanzia herufi ya tano. Kama safu ni “nilihakikisha, nilihakikisha, nilishiriki, nilihakikisha”, msomaji hajaambiwa lolote. Hakikisha ni kitenzi kinachotaja hali iliyotakiwa iwepo na kuficha kilichofanyika ili iwepo. Ukikikuta katika rasimu, jiulize swali moja: nilihakikisha kwa kufanya nini? Jibu ndilo kitenzi chako. Usalama wa mali ulihakikishwa vipi? Nilifunga stoo, nilitunza funguo, niliandika kila aliyeingia na kutoka. Bidhaa kuendana na oda kulihakikishwa vipi? Nililinganisha. Nilishiriki nayo huficha sehemu yako, maana aliyeendesha zoezi la kuhesabu mali na aliyewaletea chai wahesabuji wote wawili walishiriki. Niliweza, nilikuwa na jukumu la, nilihusika katika: hivi vyote ni vizingiti vilivyowekwa mbele ya kitenzi halisi, na kitenzi hicho kwa kawaida kipo maneno mawili au matatu mbele kinasubiri. Futa vizingiti, uanze nacho.

Sasa kuhusu mistari mitatu. Kwenye karatasi ya A4, maandishi ya ukubwa wa 12 na pembezoni za kawaida za sentimita mbili na nusu, mstari wa kipengele hubeba herufi kama 80 pamoja na nafasi. Maneno ya Kiswahili ni marefu kwa sababu yanabeba viambishi, kwa hiyo mistari mitatu hujaa kwenye maneno kama 35. Hicho ndicho kikomo cha juu. Vipengele vizuri vingi hukaa kwenye mstari mmoja na nusu au miwili, na kimoja kifupi kabisa katikati yao hakidhuru kitu. Hesabu ya maneno ni salama kuliko hesabu ya mistari, kwani ukibandika wasifu huo ndani ya barua pepe na mwajiri akausoma kwenye simu, mistari mitatu ya karatasi inaweza kuwa sita.

Kipengele cha kwanza cha mtunza stoo wetu kina maneno 41, kwa hiyo kinaangukia mstari wa nne. Ukikisoma taratibu utaona kwamba urefu wake hautokani na maneno ya ziada pekee. Kimebeba matendo manne: kupokea, kulinganisha, kuingiza kwenye leja, kutoa taarifa. Kila kipengele kinachokataa kuingia kwenye mistari mitatu kikaguliwe hivyo kwanza, kabla ya kupunguza maneno. “Pamoja na”, “ikiwa ni pamoja na” na “vilevile” ndizo alama za mshono, mahali ambapo vitu viwili vimeunganishwa. Kata pale. Wakati mwingine utapata vipengele viwili, na wakati mwingine utagundua kwamba kipande cha pili hakina uzito wa kusimama peke yake, basi kiache. Kuingiza mzigo kwenye leja baada ya kuupokea ni jambo linalotegemewa kwa kila mtunza stoo, halihitaji kutajwa.

Matendo mawili yanaweza kukaa kipengele kimoja yakiwa ni mwendo mmoja, kwa mfano kupokea na kulinganisha, maana hupokei mzigo ndipo ulinganishe kesho yake. Hapo kitenzi cha pili huchukua ku- kwa sarufi ya kawaida, “nilipokea na kulinganisha”, na hilo halivunji ulinganifu wa safu. Ulinganifu unahusu neno linaloanza. Lililomo ndani lifuate lugha.

Baada ya kukata mishono ndipo upunguze maneno. Mbalimbali, kwa ujumla, husika, endapo kutakuwa na, katika suala zima la: yafute yote kisha usome tena uone kama habari imepungua. Mara nyingi haipungui. Na ukikuta neno moja limeangukia mstari wa tatu peke yake, usiliache huko, tafuta neno la kulitoa mstari wa juu.

Kinachostahili nafasi iliyopatikana ni namna na matokeo, na hapo kipengele cha saruji ndicho chenye utajiri. “Niliweza kufanya upunguzaji wa hasara ya saruji” kina maneno saba yasiyosema kitu ambacho mtu wa stoo hakijui. Hasara gani? Saruji haivumilii unyevu: mfuko ukilazwa moja kwa moja kwenye sakafu au kuegemezwa ukutani hunyonya maji, na ukikaa miezi mingi hupungua nguvu hata pakavu. Stoo ambayo mzigo mpya unapangwa mbele ya wa zamani huwa na mifuko ya nyuma isiyotoka kamwe mpaka inageuka mawe. Kwa hiyo mtunza stoo wetu alifanya nini? Tuseme aliomba paleti, akainua mifuko kutoka chini, akaacha nafasi kati yake na ukuta, na akapanga ili mzigo uliotangulia kuingia utangulie kutoka. Na tuseme kitabu cha bidhaa zilizoharibika kinaonyesha mifuko 40 kwa mwezi kabla ya hapo, na 6 baadaye. Hayo yote yanaingia kwenye mistari miwili.

Takwimu zitoke kwenye kitabu. Kama hakuna kitabu, usibuni, kwa maana swali la kwanza la usaili litakuwa “ulijuaje kuwa ni 40?” Ambaye hakuwahi kupima matokeo anaweza kupima ukubwa wa kazi: malori mangapi kwa wiki, aina ngapi za bidhaa, matawi mangapi aliyoyapelekea mzigo. Hivyo ni vitu anavyovijua bila kitabu, na vinamwonyesha mwajiri kama stoo ilikuwa chumba kimoja au ghala.

Safu nzima baada ya matengenezo inakuwa hivi:

• Nilipunguza saruji iliyoganda kutoka mifuko 40 hadi 6 kwa mwezi, kwa kuipanga juu ya paleti na kutoa kwanza mzigo uliotangulia kuingia.

• Nilipokea saruji, nondo na mabati, na kulinganisha kila mzigo na oda kabla ya kusaini hati ya dereva.

• Nilihamisha leja kutoka kwenye vitabu kwenda kwenye Excel, ikawezekana kujua salio la kila bidhaa siku hiyohiyo.

• Nilihesabu stoo nzima kila mwisho wa mwezi na kumwandalia meneja orodha ya kilichozidi na kilichopungua.

• Nilitunza funguo za stoo na daftari la wanaoingia na kutoka.

Soma tena maneno ya kwanza kwenda chini: nilipunguza, nilipokea, nilihamisha, nilihesabu, nilitunza. Mtu wa ghala akiyaona hayo matano ameshapata picha ya kazi kabla ya kusoma kilichobaki. “Kompyuta” imetoweka kama neno, ila imeonekana ikitumika, na anayesoma anajua sasa kwamba ni Excel na kwamba ilikuwa kwa ajili ya leja. Mpangilio nao umebadilika. Rasimu ilianza na kupokea kwa sababu ndiko kazi ya siku inakoanzia. Safu ya wasifu huanza na chenye uzito zaidi, kwa kuwa kipengele cha kwanza ndicho pekee chenye hakika ya kusomwa chote. Funguo zimekaa mwisho, kipengele kifupi, jambo la kawaida lisilofaa kuachwa.

Kuna mambo madogo ya uchapaji yanayoweza kuharibu safu iliyoandikwa vizuri. Mstari wa pili wa kipengele unatakiwa uanzie chini ya neno la kwanza, si chini ya kidoti. Ukiandika kidoti kwa mkono na kugonga kitufe cha nafasi, mstari wa pili utarudi ukutani na vidoti havitaonekana tena kama safu. Katika Word, chagua vipengele vyote na ubonyeze `Ctrl+Shift+L`, programu itapanga yenyewe. Fomu za maombi za mtandaoni ni habari nyingine, kwa sababu visanduku vyake vingi hufuta vidoti na kuunganisha kila kitu kuwa aya moja. Huko weka kistari cha kawaida, bonyeza Enter baada ya kila kipengele, na umalize kila kimoja kwa nukta, ili hata vikiunganishwa visomeke kama sentensi. Kwa sababu vimeanza na nili-, vitasomeka. Vya ku- vikiunganishwa vinakuwa tangazo lisilo na kichwa.

Umbo hili lina mipaka. Elimu na wadhamini havihitaji kitenzi, wala orodha ya lugha unazozijua. Kulazimisha “nilihitimu” mbele ya kila cheti ni kujaza karatasi tu. Kitu chenye hatua zinazofuatana, kama utaratibu wa kupokea lori kuanzia getini hadi kwenye leja, kiandikwe kwa namba, kwa sababu vidoti humwambia msomaji kwamba mpangilio unaweza kubadilika. Vitenzi vyake huwa vya amri: pima, hesabu, linganisha, saini.

Maazimio ya kikao ndiyo yanayokataa kabisa kitenzi kitangulie. Watu wa mihtasari hupenda kuandika “kufuatilia deni la msambazaji”, “kununua paleti”, “kurekebisha paa”, na kikao kinachofuata kinakuta hakuna kilichofuatiliwa, kununuliwa wala kurekebishwa, maana kila mmoja alidhani ni mwingine. Huko aanze mtu: “Mhazini alipe deni la msambazaji kabla ya tarehe 15. Mtunza stoo anunue paleti 10. Meneja alete fundi wa paa wiki hii.” Safu bado ina ulinganifu, cheo kikifuatwa na kitenzi chenye -e kisha kazi, bado inaingia kwenye mstari mmoja mmoja, na kikao kijacho mwenyekiti ataweza kuwauliza wahusika mmoja mmoja kwa vyeo vyao.